Hela ya nyanya imeniganda hewani, mtandao unasema imefika na msambazaji wangu anasema hajaiona

*Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto watatu, nauza nyanya soko la Ilala, mzigo naletewa kutoka Ilula na kaka mmoja tumefanya naye biashara mwaka wa tano huu. Jumatatu usiku saa 2:47 nilimtumia 1,260,000 ya matenga 36, mimi niko mtandao huu yeye yuko mtandao mwingine. Salio langu likakatwa palepale, ikaja meseji kwamba muamala unashughulikiwa, basi nikakaa nasubiri ile ya kuthibitisha wapi. Nikampigia, akasema dada hamna kitu. Nikamtumia skrinishoti akajibu meseji siku hizi zinatengenezwa, yeye bila hela fuso haliondoki. Iliniuma sana shangazi, miaka mitano!*

*Sasa mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu pale sokoni. Saa tano usiku nikachukua 1,260,000 ya kikoba nikamtumia kwa kupitia wakala. Ile ikaingia dakika hiyohiyo na mzigo ukaja. Asubuhi huduma kwa wateja wakaniambia nisubiri, mchana mwingine akasema imerudishwa, sijaiona, jana jioni wa tatu akasema muamala umekamilika hela iko kwa mpokeaji. Kaka wa Ilula anaapa hajaipata. Mume wangu anasema huyo ni mwizi twende polisi. Jumamosi kikoba kinagawana na hakuna anayejua. Nimwamini nani?*

*Mama Nyanya, Ilala*

---

Marahaba mwanangu, pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili na ile ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, maana mimi mwenyewe nimekaa Mabibo na vitunguu miaka kumi na kitu kabla ya kazi hii, na usiku kama wako nimeulala. Au niseme sikuulala.

Naomba tuanze na hilo neno "umekamilika", kwa sababu naona ndilo limempandisha hasira baba watoto na pengine hata wewe. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, hela haitoki kwenye simu yako ikatua kwenye simu yake moja kwa moja kama unavyomkabidhi mtu noti. Mtandao wako kwanza unakukata wewe. Halafu unapeleka taarifa kwa mtandao wake kwamba mpe fulani kiasi hiki. Mtandao wake unamuwekea, kisha unarudisha jibu kwamba tayari nimempa, na hapo ndipo wewe unapata ile meseji ya kuthibitisha. Mara nyingi yote hayo ni sekunde chache hata huyafikirii. Kuganda kunatokea pale taarifa inapoondoka na jibu lisirudi, labda upande wa pili umezidiwa au mawasiliano yamekatika katikati. Sasa mtandao wako uko gizani, haujui kama mwenzake ameshaweka hela akashindwa tu kujibu, au hakuweka kabisa. Ukikurudishia wewe haraka na kumbe kule imeshaingia, hela itakuwa imelipwa mara mbili. Kwa hiyo inashikiliwa mpaka mitandao miwili ikae ilinganishe vitabu vyake, na hiyo inaweza kuwa usiku uleule, kesho yake, na mara nyingine siku kadhaa.

Ndio maana wale watatu uliowapigia wamekupa majibu matatu na inawezekana kabisa hakuna aliyekusudia kukudanganya, kila mmoja amesoma kilichoandikwa kwenye kompyuta yake saa ile. Ila "umekamilika" ya upande wako inaweza kumaanisha kwamba mtandao wako umemaliza kazi yake na umeikabidhi hela kwa mwenzake. Kama imeingia kwenye laini ya huyo kaka, hiyo ni habari ya mtandao wa kule, na uthibitisho wake uko kule. Je huyo dada wa jana alikupa namba ya muamala ya upande wa mpokeaji? Maana hela ikivuka mtandao mara nyingi inabeba namba mbili, yako wewe na nyingine ya kule. Kama hakukupa basi bado hujaonyeshwa kwamba imefika, umeambiwa tu.

Sasa nikuhadithie ya kwangu, kwa sababu ilifunguka na nataka uone ilifungukia wapi.

Mwaka 2019 nilikuwa nachukua vitunguu kwa mzee mmoja wa Mang'ola, kule Karatu karibu na Ziwa Eyasi. Mtu mzima wa heshima zake, ana kitochi kimefungwa na mpira wa manati kwa nyuma betri isidondoke. Siku hiyo nikamtumia 1,150,000 ya gunia kumi, saa tatu usiku, mtandao tofauti kama wewe. Ikaganda. Nikampigia, akasema mwanangu sijaona. Mimi sikuwa na hela nyingine ya kurudia kwa hiyo mzigo wangu ukashushwa kwenye gari ukapakiwa wa mtu mwingine. Usiku ule nikapiga huduma kwa wateja mara mbili. Wa kwanza akasema nisubiri masaa 24. Wa pili akasema hivyohivyo lakini nikamuomba anifungulie malalamiko rasmi, akanipa namba ya malalamiko, nikaiandika nyuma ya daftari la madeni. Hiyo namba ndiyo ilinisaidia baadae, kwa sababu kila niliyempigia nilimtajia hiyo kwanza akaona wenzake walisema nini, sikuanza upya kuhadithia kama kichaa. Nikaandika pia saa niliyopiga na jina alilojitambulisha nalo.

Kesho yake mchana wakaniambia hela ipo kwa mpokeaji. Nikampigia mzee, akaapa. Hapo nikakosea mwanangu. Nilimwambia maneno, nilimwambia mzee mzima unakula hela ya mjane, nikakata simu. Siku ile sikupokea tena simu yake.

Siku ya pili mdogo wangu akaniuliza, hivi huyo mzee anaangalia meseji au anaangalia salio? Sikujua. Nikameza aibu nikampigia. Nikamuuliza mzee ulivyosema hujaona, uliangalia wapi? Akasema si naangalia meseji, meseji yako haipo. Nikamwambia sasa angalia salio. Kukawa na kimya kirefu, nasikia tu anahema na vibonyezo vinalia, halafu akasema salio ni laki tisa na kidogo, lakini hiyo ni ya wateja wengine maana jana wamenilipa wengi. Nikamuuliza unajuaje? Hakuwa na jibu. Kitochi chake sehemu ya meseji ilikuwa imejaa, na simu ya namna ile ikijaa haipokei meseji mpya mpaka ufute za zamani. Hela inaingia kimya. Halafu kijana wake wa kupakia ndiye alikuwa akitumwa kwa wakala kutoa hela za vibarua, kwa hiyo salio lilikuwa linapanda na kushuka na mzee hafuatilii.

Lakini hata hapo tulikuwa bado na maneno tu. Kilichomaliza ni karatasi. Alikwenda Karatu mjini kwenye ofisi ya mtandao wake kuomba taarifa ya miamala ya siku mbili, wakamkatalia, kumbe laini imesajiliwa kwa jina la mwanae wa kwanza. Hawampi mtu taarifa ya laini isiyo yake hata kama ndiye anayeitumia kila siku, na kwa kweli ni sawa wasimpe. Akarudi siku iliyofuata na huyo mwanae na kitambulisho cha NIDA. Karatasi ikatoka, na pale kwenye mstari mmoja ikaonekana 1,150,000 imeingia saa 23:52, yaani saa tano na dakika 52 usiku, karibu masaa matatu tangu niitume, imetoka kwenye namba yangu. Chini yake saa 06:20 kuna hela imetolewa kwa wakala, laki mbili na nusu, za vibarua. Akanitumia picha kwa simu ya mwanae, nikaweka pembeni ya meseji yangu ya kukatwa salio, kiasi kilekile, namba yangu ileile, usiku uleule. Tukawa tumemaliza. Mzee hakuwa ameniibia na mimi sikuwa nimetengeneza meseji, na mtandao safari hii ulikuwa unasema kweli.

Sikuambii haya nikimaanisha huyo kaka wa Ilula lazima yuko hivyohivyo. Inawezekana kweli haijaingia. Kuna jambo lingine ambalo nalifikiria sana kwa watu wa nyanya, kwamba kila laini ina kikomo cha hela inachoweza kubeba, na mtu anayepakia fuso zima usiku mmoja analipwa na wateja wengi ndani ya masaa mawili matatu. Laini ikijaa, inayofuata inakataliwa na inatakiwa ikurudie wewe. Jibu la kukataliwa likipotea njiani ndio unabaki hivyo ulivyo, yeye hana na wewe huna. Ingawa ile ya pili kupitia wakala iliingia dakika hiyohiyo, kwa hiyo ingebidi tujue kama kati ya saa tatu na saa tano alitoa hela nafasi ikapatikana. Na inawezekana pia, nakwambia kwa unyoofu, kwamba anajua ipo na ananyamaza. Miaka mitano haimzuii mtu. Ila hapo ulipo huna njia ya kujua ni ipi kati ya hizo tatu, na hata baba watoto hana, ndio maana naogopa neno mwizi lisitoke kabla ya karatasi.

Kwa hiyo ukimpigia, ningekuwa wewe nisingemuuliza "umeipata?" Hilo ameshalijibu mara nyingi na kila akijibu anazidi kujifunga kwenye jibu lake. Muulize anaangalia wapi, laini imesajiliwa kwa jina la nani, na usiku ule wateja wengine wangapi walimlipa. Kama hana uhakika na usajili, apige *106# ataona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kama hiyo haimo ajue mapema asiende ofisini bure kama mzee wangu. Halafu mwombe taarifa ya miamala ya Jumatatu saa mbili usiku mpaka Jumanne mchana. Wewe toa ya kwako ya muda huohuo na umtumie bila kuombwa, kwa sababu kumbuka na yeye ana kidonda, yeye ndiye aliyesema meseji zinatengenezwa na hakusema hivyo kwa kukuchukia, wauzaji wengi wa mashambani wameliwa kwa meseji feki. Ukitanguliza ya kwako anakuwa na sababu ya kutoa ya kwake.

Na wewe je, umeangalia salio lako mwenyewe sawasawa? Nauliza kwa sababu yule wa pili alikwambia imerudishwa. Hela ikirudishwa wakati mwingine inarudi usiku wa manane na wewe asubuhi umeshalipa watu wengine, usiione. Katika hiyo taarifa yako tafuta mstari wa kuingia 1,260,000 tangu Jumatatu usiku. Kama haupo, umepata jambo moja la uhakika na hilo utalishika.

Ukipiga 100 tena usiwaulize hela iko wapi. Wape namba ya muamala iliyo kwenye meseji ile ya kukatwa, omba namba ya malalamiko kama hawajakupa, na uliza swali moja, namba ya muamala ya upande wa mpokeaji ni ipi na iliingia saa ngapi. Wakikupa, mpe kaka naye awapigie mtandao wake awatajie hiyo, wao wataiona au hawataiona. Jambo moja tu niwe mkali kidogo, usikubali mtu akushawishi useme ulikosea namba ili urudishiwe. Hukukosea namba. Ukisema hivyo wanaweza kuzuia hela kwenye laini ya mwenzio, na kama kumbe aliipata na alishaanza kuitumia kulipa wakulima, hapo utakuwa umefungua ugomvi mwingine kabisa. Na kuanzia sasa mtu akikupigia kwamba anatoka mtandao anataka kukusaidia hela iliyoganda, akakuomba namba ya siri, kata simu. Mtandao hauombi namba yako ya siri.

Polisi sikwambii usiende, ni haki yako. Faida yake ni kwamba kukiwa na uchunguzi, taarifa za laini ya mtu mwingine zinaweza kupatikana kisheria hata kama mwenyewe hataki kuzitoa, kitu ambacho wewe huwezi. Hasara yake unaijua kuliko mimi. Ukimpeleka mtu wa Ilula polisi wakulima wake watajua, madereva wa fuso watajua, na ikija kuonekana hela ilikuwa imekwama kati ya mitandao sijui ni nani atakupakilia tena. Kuna njia ya katikati pia. Peleka malalamiko kwa maandishi kwenye ofisi ya mtandao wako, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na wakishindwa kukupa jibu la kueleweka unaweza kulipandisha Benki Kuu, kwa sababu Benki Kuu ya Tanzania ndiyo inayosimamia malipo ya simu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Ila wao watataka kuona kwanza ulilalamika kwa mtandao na ulijibiwa nini, kwa hiyo hiyo nakala yenye muhuri usiipoteze. Haiendi haraka, kwa Jumamosi hii haitakusaidia, nakwambia ili usiitegemee.

Na Jumamosi ndio inanikaa rohoni zaidi mwanangu. Ya kaka wa Ilula inaweza kusubiri wiki. Ya kikoba inahesabika kwa siku. Naona njia mbili na zote zina miba. Ya kwanza ni kukaa kimya ukitumaini hela itarudi kabla, na huku ukiuza nyanya haraka ujazie. Mzigo wa matenga 36 ukienda vizuri unaweza kurudisha mtaji kwa siku tatu nne, unajua mwenyewe bei ya wiki hii. Lakini nyanya nazo hazisubiri, na ukifika Jumamosi pungufu hata kwa laki mbili wenzio hawatahesabu ulichorudisha, watahesabu ulichochukua bila kuwaambia. Ya pili ni kumwendea mwenyekiti wako leo au kesho, na risiti ya wakala ya saa tano usiku mkononi inayoonyesha hela ilikwenda kwa nani na kiasi gani, na meseji ya kwanza iliyoganda. Anaweza kukasirika, anaweza kukuvua uhazina. Anaweza pia kuwa ndiye mtu atakayekuombea kwa wenzako wakupe wiki mbili. Simjui, wewe unamjua. Jiulize kama ingekuwa yeye ndiye mweka hazina na imemkuta hivi, ungetaka akuambie lini.

Na baba watoto, mwonyeshe hizo karatasi zikitoka, msome pamoja mezani. Nadhani ana hasira kwa sababu anakuona hulali na hana cha kufanya, basi mpe kazi. Yeye ndiye aende ofisi ya mtandao kesho kufuatilia malalamiko ikiwa laini ni ya jina lake, au akusindikize kama ni ya jina lako.

Kuna kitu ambacho mpaka leo huwa nakifanya. Nikimtumia mtu hela kubwa sitii kiasi cha mviringo, natia mkia. Badala ya 1,260,000 natuma 1,260,350. Zile 350 namwachia. Siku yoyote ikileta shida, nikiomba taarifa ya miamala au akiomba yeye, ule mkia unaonekana peke yake kati ya miamala yote ya siku hiyo, na hakuna anayeweza kusema hiyo ni ya mteja mwingine. Mzee wangu wa Mang'ola alicheka sana nilipomwambia. Alichukua muda kuzungumza na mimi vizuri baada ya yale maneno niliyomtolea, kama miezi miwili hivi alikuwa ananijibu kwa ufupi na gunia zangu anapakia mwisho. Nilimwendea mwenyewe mpaka Mang'ola kumuomba radhi, na nilibeba kilo mbili za sukari na kitenge cha mkewe.

Kabla hujampigia mwenyekiti jioni hii, mpigie kaka muulize kama kwenye simu yake ile sehemu ya meseji imejaa. Ukipata jibu niandikie, hata kama ni usiku.